Mjue Mzazi Kabla ya Kuandika Kipeperushi: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Wasifu wa Mteja wa Tuisheni

Walimu wengi wanaonitumia vipeperushi vyao niviangalie wananitumia kipeperushi kilekile. Juu kimeandikwa "Tuisheni bora", chini yake "masomo yote, darasa la kwanza hadi kidato cha sita", kisha "walimu wabobezi, bei nafuu", na mwisho namba ya simu. Nikiuliza anayeandikiwa ni nani, jibu huwa moja: "Wazazi."

Wazazi ni watu wengi mno kuandikiwa kwa pamoja. Mwenye mtoto wa darasa la nne shule ya mchepuo wa Kiingereza na mwenye binti wa kidato cha pili shule ya kata hawana hofu moja, hawana ratiba moja, wala hawatoi fedha kwa namna moja. Ukiwaandikia wote kwa mkupuo, hakuna atakayehisi ameitwa.

Hapa tutatengeneza wasifu wa mteja, yaani ukurasa mmoja unaomweleza mzazi mmoja wa mfano kwa kutumia yale ambayo wazazi wa kweli walisema na kufanya. Hatutaandika tangazo hata mstari mmoja mpaka ukurasa huo uwe umejaribiwa. Mfano nitakaotembea nao ni wa mwalimu anayefundisha Hisabati maeneo ya Tabata, Dar es Salaam.

## Vitu vya kuandaa

- Kauntabuku moja mpya ya kazi hii tu. Usichanganye na daftari la ada.
- Kalamu za rangi mbili: moja ya maneno ya mzazi, nyingine ya maoni yako.
- Orodha ya wazazi 9 hadi 12 (namna ya kuwapata iko hatua ya tatu).
- Vocha ya dakika, na nauli ya kuwafuata wale wasiopenda kuongea kwenye simu.
- Siku 10 hivi. Mazungumzo mawili kwa siku yanatosha. Ukizidisha, ya jioni yanaanza kufanana na ya asubuhi kichwani mwako.

Mzazi mmoja atumie kurasa mbili. Usiandike jina la mtoto wala namba ya simu humo. Andika "mzazi wa 1", "mzazi wa 2". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, daftari lenye majina ya watoto na alama zao si kitu cha kusahau kwenye daladala.

## Hatua ya 1: Chagua kipande kimoja cha biashara

Chagua somo moja, darasa moja, na eneo ambalo mtoto anaweza kufika kwa miguu au kwa daladala moja. Mwalimu wetu anafundisha masomo matatu kwa madarasa manne, lakini kwa kazi hii alichagua Hisabati, kidato cha pili, watoto wa shule za sekondari za serikali za kutwa.

Alichagua kidato cha pili kwa sababu kuna mtihani wa taifa mwezi Novemba, na mwanafunzi asiyefikia kiwango hukariri darasa. Mzazi ana tarehe mbele yake. Kidato cha kwanza na cha tatu havina tarehe ya namna hiyo, kwa hiyo mzazi huahirisha.

Ukiona mkono unaandika "na pia kidato cha nne", uzuie. Mzazi wa kidato cha nne anawaza divisheni na mtoto kuendelea kidato cha tano. Huyo anahitaji ukurasa wake, na utamtengenezea siku nyingine.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kuitamka kwa pumzi moja: "Hisabati, kidato cha pili, shule za serikali za kutwa, Tabata na Segerea."

## Hatua ya 2: Tenganisha anayesoma, anayechagua na anayelipa

Hapa ndipo tuisheni inapotofautiana na genge la nyanya. Anayekula nyanya mara nyingi ndiye aliyeinunua. Kwenye tuisheni, mtoto anasoma, mama anachagua, na baba (au shangazi, au kaka aliyeko Mwanza) anatuma fedha. Kila mmoja anaweza kusema hapana kwa sababu yake.

Chora safu tatu kwenye ukurasa wa kwanza wa kauntabuku na uandike unachokijua kuhusu kila mmoja kwa wanafunzi ulionao sasa. Nani alikuja kuuliza mara ya kwanza? Ujumbe wa muamala wa ada unakuja na jina la nani? Mtoto anapoacha, nani anakupigia kukuambia?

Mwalimu wetu alikuta kwamba kati ya wanafunzi wake 11 wa kidato cha pili, 8 waliletwa na mama, lakini ada ya 5 kati ya hao ilitoka kwenye simu ya mwanaume. Mpaka siku hiyo alikuwa akiandika vipeperushi kana kwamba vinasomwa na mwanafunzi: "Njoo ufaulu!" Mtoto wa kidato cha pili hatoi hata shilingi.

Wasifu utakaoandika ni wa anayechagua. Wengine wawili wataingia kama watu wanaomvuta mkono.

## Hatua ya 3: Tafuta watu wa kuzungumza nao

Gawa orodha yako katika mafungu matatu yanayokaribiana kwa idadi:

1. Wanaolipa sasa. Hawa wanajua kwa nini walikuja.
2. Walioacha. Hawa wanajua ulichoahidi na hukutimiza.
3. Walioulizia bei wakapotea. Hawa wanajua kilichowazuia mlangoni.

Fungu la tatu ndilo lenye dhahabu, na ndilo ambalo kila mtu analikwepa kwa aibu. Rudi kwenye WhatsApp yako, shuka hadi miezi sita nyuma, utawaona: "Habari, tuisheni Hisabati bei gani?" Ukajibu, kukawa kimya. Waandikie hivi: "Habari za siku nyingi. Mimi ni mwalimu uliyeniulizia kuhusu tuisheni ya Hisabati. Sikuuzii kitu, naomba dakika kumi tu nijue uliishia kufanya nini. Nitashukuru." Wengine hawatajibu. Watatu wakikubali, wanatosha.

Tahadhari: kama umeajiriwa shuleni, usiwahoji wazazi wa wanafunzi wa darasa lako mwenyewe. Wanajua kalamu nyekundu iko mkononi mwako, watakuambia yale unayotaka kusikia. Ndugu na majirani wako nao wapumzishe. Wanakupenda mno kuwa mashahidi wazuri.

## Hatua ya 4: Uliza kilichotokea, usiulize wangependa nini

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa kuliko zote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mwalimu anayeanza huuliza: "Mama, ungependa mwanao apate tuisheni nzuri ya Hisabati kwa bei nafuu?" Nani atajibu hapana? Unaondoka na "ndiyo" kumi ambazo hazina thamani, kisha unashangaa darasa likibaki na viti vitupu.

Uliza juu ya siku iliyopita, yenye mambo yaliyokwisha kutokea. Mtu anaweza kukosea kuhusu atakachofanya kesho, lakini alichofanya mwezi wa saba anakikumbuka. Maswali ya kubeba ni haya, kwa mpangilio huu:

- Wiki ile kabla hujanitafuta, kulitokea nini?
- Ulifanya nini kwanza?
- Uliuliza nani mwingine? Ulienda wapi kwingine?
- Ni kitu gani kilikuchelewesha?
- Nyumbani nani mwingine alikuwa na neno? Alisemaje?
- (Kwa aliyekuja) Ulijuaje kwamba inamsaidia? (Kwa aliyepotea) Mwishowe mlifanyaje?

Baada ya kila swali, nyamaza. Kimya cha sekunde tano kinamtoa mzazi kwenye jibu la adabu na kumpeleka kwenye jibu lenyewe. Haya ni mazungumzo ya mwalimu wetu na mzazi wa 4:

— Habari za leo, mama?

— Nzuri mwalimu, karibu.

— Ahsante. Binti ulimleta mwezi wa saba. Naomba unikumbushe, wiki ile kabla hujamleta kulitokea nini?

— Si ile ripoti ya shule. Hisabati kaandikiwa F. Mtoto darasa la saba alikuwa na A, sijui kapatwa na nini.

— Ulipoiona, ulifanya nini kwanza?

— Nilimgombeza. Baba yake naye akamgombeza kwenye simu. Halafu tukakaa kama wiki mbili.

— Wiki mbili hizo mlikuwa mnasubiri nini?

— Nilikuwa naulizia. Kuna kijana wa chuo hapa mtaani, anafundisha nyumbani, bei yake ndogo kuliko yako. Ila mimi nashinda gengeni. Aingie ndani na binti yuko peke yake? Nikaona hapana.

Angalia kilichotoka hapo. Mshindani wa kweli wa mwalimu ni kijana wa chuo anayefundisha nyumbani, wala si kile kituo kikubwa cha barabara kuu alichokuwa akikiogopa. Na kilichomwangusha kijana huyo ni usalama wa binti. Hakuna dodoso ambalo lingeuliza swali hilo, kwa sababu mwalimu asingelifikiria.

Andika maneno ya mzazi kama yalivyotoka, kwa rangi ya kwanza. Akisema "sijui kapatwa na nini", usiandike "mzazi ana wasiwasi kuhusu kushuka kwa ufaulu". Hilo ni neno la ripoti ya mkaguzi. Maoni yako yaandike pembeni kwa rangi ya pili, ili wiki ijayo ujue lipi ni lake na lipi umelitia wewe.

Utajuaje umefaulu: umesikia angalau jambo moja lililokushangaza kwa kila wazazi watatu. Kama hujashangaa hata mara moja, ulikuwa unaongea wewe.

## Hatua ya 5: Panga uliyoyasikia

Ukimaliza mazungumzo, pumzika siku moja. Kisha soma kauntabuku yote ukiwa umetulia, na uhamishie maneno ya rangi ya kwanza kwenye kurasa nne mpya: kilichomsukuma, kilichomchelewesha, alichotulinganisha nacho, na kilichomfanya aamini.

Kanuni yangu ni kwamba neno linaingia kwenye wasifu likisemwa na wazazi watatu ambao hawakukaa pamoja. La mmoja linabaki kwenye daftari, hata likiwa tamu kiasi gani. La wawili liwekee alama ya kuuliza.

Mwalimu wetu alizungumza na wazazi 9. Alikuwa na uhakika kwamba kinachowachelewesha ni bei. Bei ilitajwa, ndiyo, lakini kwa namna ambayo hakuitegemea: wanne walisema tatizo ni kutoa fedha ya mwezi mzima kwa mara moja. Anayeuza chakula anapata fedha kila siku na kuitumia kila siku. 20,000 ya tarehe moja ni mzigo, lakini 5,000 ya kila Jumamosi inawezekana. Kwa mwezi wa wiki nne ni kiasi kilekile. Kupunguza bei kusingewasaidia kama kubadili siku ya kulipa.

Jambo lililojirudia kuliko yote lilikuwa lile la A ya darasa la saba. Wazazi 6 kati ya 9 walilisema kwa maneno yanayokaribiana. Mtoto alisoma msingi kwa Kiswahili, akaijua sehemu na asilimia vizuri, akaingia kidato cha kwanza akakutana na maswali ya maneno kwa Kiingereza. Mama anaona mtoto mwerevu aliyegeuka mvivu. Mwalimu anajua kwamba wengi wa watoto hao wanakwama kwenye kusoma swali, kabla hata ya kufika kwenye hesabu. Pengo hilo kati ya anachokiona mama na anachokijua mwalimu ndilo ambalo tangazo litakuja kulizungumzia, wakati wake ukifika.

Na kuhusu kuamini: hakuna mzazi hata mmoja aliyetaja shahada ya mwalimu. Watano walitaja daftari. "Nilifungua daftari nikaona vema zimeongezeka."

## Hatua ya 6: Andika ukurasa mmoja

Mpe mteja wako jina linalotokana na tukio lililomsukuma, kwa sababu tukio ndilo linalokukumbusha lini na wapi pa kumkuta. Umri na rangi ya nguo havitakuambia hilo. Ukurasa wa mwalimu wetu ulitoka hivi:

Mama wa Ripoti ya Juni

Ni nani: Ana biashara ndogo, genge au chakula, Tabata au Segerea. Anatoka alfajiri, anarudi jioni. Mtoto yuko kidato cha pili, shule ya serikali ya kutwa, na alisoma msingi kwa Kiswahili.

Kilichomtikisa: Ripoti ya muhula wa kwanza. Hisabati ina F, na Novemba kuna mtihani wa taifa.

Anavyosema: "Darasa la saba alikuwa na A, sijui kapatwa na nini."

Alichofanya kwanza: Alimgombeza mtoto. Kisha aliulizia kwa wiki mbili hadi tatu, kwa majirani na kwa mzazi mwenzake.

Anachoogopa: Mtoto kurudi giza limeingia. Mtu mzima kuwa ndani na mtoto wakati yeye hayupo.

Anatulinganisha na: Kijana wa chuo anayefundisha nyumbani, na kusubiri tu ("labda atabadilika").

Anachokiamini: Daftari la mtoto, na mzazi mwingine anayemfahamu.

Anavyolipa: Kidogo kidogo, mwisho wa wiki. Ada ikizidi, lazima amuulize baba, na baba huuliza swali moja tu: "Hiyo inaisha lini?"

Mtoto anasemaje: Anaogopa kuchekwa akiuliza swali kwa Kiingereza kibovu.

Si huyu: Mzazi wa shule ya mchepuo wa Kiingereza, mzazi wa mtoto wa bweni, mzazi anayetafuta mwalimu wa kuja nyumbani.

Mstari wa mwisho usiuache. Wasifu usiomkataa mtu yeyote haujamweleza mtu yeyote. Njia ya kuupima ni kumpa mwalimu mwenzako ukurasa na kumwambia akutajie wazazi watatu anaowajua ambao hawafanani na huyu. Asipowapata, umeandika "wazazi" kwa maneno mengi.

Kosa jingine la hapa ni kuunganisha watu wawili. Dalili yake ni sentensi zenye "au": "anafanya biashara au ni mwajiriwa wa benki", "analipa kwa wiki au kwa muhula". Genge na chakula vinaweza kukaa pamoja kwa sababu ratiba na mfuko ni vilevile. Benki na genge haviwezi. Gawa kurasa mbili, kisha chagua mmoja wa kuanza naye.

Fahamu pia mpaka wa kazi hii. Wazazi 9 wanakuonyesha namna ya kufikiri; hawakuambii wako wangapi mtaani. Kwa hilo, hesabu shule za kutwa zilizo karibu, uliza kila moja ina mikondo mingapi ya kidato cha pili na wastani wa wanafunzi kwa mkondo, uzidishe. Mkondo mmoja tu ukiwa na watoto zaidi ya viti ulivyo navyo, idadi isikukoseshe usingizi.

## Hatua ya 7: Ujaribu kwa waulizaji watatu wanaofuata

Usianze kuandika bado. Ngoja mzazi mpya aulizie. Kabla hujamjibu, fungua ukurasa wako na uandike kwa kalamu: swali lake la pili litakuwa lipi baada ya bei? Kisha mjibu, na uone. Fanya hivyo kwa watatu. Ukipatia kwa wawili, wasifu unashika. Ukikosa wote, rudi hatua ya tatu uongeze walioulizia wakapotea.

Mwalimu wetu aliandika "wanatoka saa ngapi?" kwa wote watatu. Alipatia kwa mmoja. Wawili waliuliza kitu ambacho hakikuwa kwenye ukurasa: "Mnafundisha kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?"

Alidhani wanataka Kiswahili, kwa kuwa ndicho mtoto anachokielewa. Akawapigia kuuliza kwa nini wanauliza. Jibu lilikuwa kinyume. Walikuwa wameshampeleka mtoto kwa mtu aliyefundisha kwa Kiswahili tupu, mtoto akaelewa vizuri, akaingia kwenye mtihani wa Kiingereza akatoka na F ileile. Walitaka mtoto aeleweshwe kwa Kiswahili lakini aandike na kusoma maswali kwa Kiingereza.

Akarudi kwa wazazi wanne wa mwanzo na kuwauliza juu ya lugha. Watatu walikuwa na kisa cha kufanana. Hawakukisema mwanzo kwa sababu hakuwauliza walikopita kabla yake. Alikuwa ameliruka swali la tatu kwenye orodha kila alipoona mzazi ana haraka. Akaongeza mstari mpya kwenye ukurasa, chini ya kinachoogopwa: "Aelewe huku kisha afeli kule." Waulizaji wawili waliofuata walikuja na swali lile la lugha, na safari hii alikuwa ameliandika kabla hawajalitamka.

## Sasa tangazo linaweza kuanza

Weka ukurasa mezani upande wa kushoto na karatasi ya tangazo kulia. Kila sentensi utakayoandika, iwekee pembeni namba ya mzazi aliyekupa sababu ya kuiandika. Sentensi isiyo na namba, ikate. "Walimu wabobezi" haikupata namba. "Darasa linaisha saa kumi na moja na nusu, jua bado lipo" ilipata tatu.

Juu ya ukurasa andika tarehe. Mama wa Ripoti ya Juni anaishi kuanzia Juni hadi Oktoba hivi. Novemba mtihani ukishafanyika, hayupo tena. Matokeo ya kidato cha pili yakitoka, mlangoni atasimama mama mwingine mwenye karatasi nyingine mkononi, na huyo bado hujazungumza naye.